Kikao cha siku 30 kazini: pale kwenye "eleza ulichojifunza" mnaandikaga nini?

#1 Kijana wa Nyegezi
Wakuu habari za jioni. Nimeanza kazi kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza, niko kitengo cha ubora, msaidizi wa chini kabisa, kazi yangu kupima joto la fileti za sangara, kuangalia barafu kwenye kreti na kujaza fomu za zamu. Wiki ijayo natimiza mwezi, nimepewa karatasi kwamba kuna kikao cha siku 30 na supavaiza, alafu kitakuja cha 60 na cha 90. Maswali mengine mepesi, lililonikwamisha ni hilo la "eleza ulichojifunza", wameacha nusu ukurasa mweupe. Wenzangu niloanza nao mmoja anasema andika nimejifunza mengi, nashukuru kwa ushirikiano, mwingine anasema usiandike kitu cha maana kwa sababu ndo watakachokuja kukufukuzia. Hiki kikao ni cha nini hasa, na hiyo nusu ukurasa naijaza vipi?

#2 Sapulaya wa Kirumba
Mdogo wangu hao ni waongo usiwaamini. Mimi niliwapelekea watu maboksi ya kupakia, wakasema siku 30, zikafika wakasema 60 ndo utaratibu wa kampuni, saizi ni 90 naambiwa mhasibu yuko safari. Dai chako mapema kwa maandishi.

#3 Sato wa Kukaanga
😂😂 Mzee wangu soma swali, dogo hadai hela, kaanza kazi. Ila pole kwa maboksi.

#4 Baba Zamu
Hii ni rahisi. Kisheria probesheni ni miezi mitatu, ndo maana wanagawa 30, 60, 90. Kila kikao wanajaza makosa yako ili siku ya 90 wawe na sababu. Ukivuka 90 hawajakupa barua basi ushakuwa wa kudumu hawawezi kukutoa. Kwa hiyo andika kidogo, saini, ondoka.

#5 Dada Rasilimali
Baba Zamu heshima yako, ila hapo umechanganya. Miezi mitatu ni mazoea ya waajiri wengi na wengine wanaweka sita, sheria haijasema mitatu. Kinachosema ni Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la 2007, kanuni ya 10: muda wa majaribio uwe wa kuridhisha na usizidi miezi 12. Humo humo mwajiri anatakiwa amfuatilie mgeni, awe anakutana naye kila baada ya muda amwambie anaendaje na amwelekeze, na akiwa na wasiwasi na kazi yake amwambie, amsikilize na ampe muda wa kujirekebisha. Siku 30, 60 na 90 hazijatajwa, huo ni mpangilio tu maofisi yameuchukua kutimiza hilo la kukutana.
Na hilo la kuvuka 90 unakuwa wa kudumu moja kwa moja, soma mkataba wako kwanza. Mikataba mingi inasema mpaka uthibitishwe kwa barua.

#6 Baba Zamu
Sawa dada, miezi 12 nimekubali. Lakini kifungu cha 35 cha ile sheria ya ajira ya 2004 unakijua, mtu wa chini ya miezi 6 ile sehemu ya kuachishwa isivyo haki haimgusi. Sasa vikao vya nini kama anaweza kutolewa tu?

#7 Dada Rasilimali
Kifungu nakijua na hapo uko sahihi. Ila notisi bado anayo, ndani ya mwezi wa kwanza siku 7, baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Na majaribio ya miezi 12 yanavuka hiyo miezi 6 ya kwenye kifungu, kwa hiyo karatasi za mwanzo zinakuja kusomwa baadae. Nimeona pande zote mbili, mfanyakazi anaokolewa na karatasi ya siku 60 aliyoandika "niliomba kufundishwa hiki sijafundishwa", na mwajiri anaokolewa na hiyo hiyo ikiwa na saini.

#8 Mzee wa Mwaloni
Mwangaluka vijana. Mmeingia kwenye sheria mmemuacha mtoto na nusu ukurasa wake. Mimi nimesimamia zamu viwanda vya samaki miaka mingi mpaka nikastaafu, nimesoma karatasi hizi mpaka macho yakauma, na tisa katika kumi zinasema "nimejifunza kupima joto". Hiyo hainiambii kitu. Umejifunza kushika thamometa au umejifunza kupima?

Kijana, chukua kazi moja unayoifanya kila siku uiandike hivi, mfano wa joto hilo hilo:

"Kabla ya zamu naijaribu thamometa kwenye gilasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, nakoroga, nasubiri namba itulie, inatakiwa isome 0. Isiposoma hapo siitumii, naipeleka kwa supavaiza. Kwenye fileti nachoma ncha sehemu nene ya mgongo mpaka katikati, nasubiri itulie ndo naandika. Ikizidi nyuzi 4 natenga kreti, naongeza barafu, naita supavaiza. Hii naifanya peke yangu. Ambacho bado sijui: kreti ikishatengwa nani anaamua irudi kwenye laini au itupwe, na ni baada ya muda gani."

Umeona? Sentensi za mwanzo zinanionyesha unajua kazi na unajua kwa nini. Ile ya mwisho ndo ya thamani kuliko zote, maana inanipa mimi kazi ya kufanya kabla ya siku ya 60. Mambo matatu manne ya namna hiyo nusu ukurasa umejaa. Hiyo nyuzi 4 nimeweka ya mfano, wewe andika kikomo kilichoko kwenye fomu ya kiwanda chenu.

#9 Kijana wa Nyegezi
Shikamoo mzee, asante sana, nimeanza kuelewa. Ila swali, hiyo ya "bado sijui" si ndo najichongea? Mwenzangu akiandika anajua kila kitu mimi naonekana mzigo.

#10 Baba Zamu
Umesikia sasa! Dogo ameona mwenyewe. Ukiandika hujui, siku kreti ikiharibika wanakuja na karatasi, "alikiri mwenyewe hajui".

#11 Mzee wa Mwaloni
Siku ya 30 hakuna anayetegemea ujue kila kitu. Mimi aliyekuwa ananitisha ni yule wa mwezi mmoja anayejua vyote, huyo ndo nilikuwa namtembelea usiku kwenye laini. Ila Baba Zamu hajakosea kote, kuna mabosi wa hivyo, nimefanya nao kazi. Namna ya kujikinga ni kuandika usichojua pamoja na ulichoomba: "sijui kuchanganya klorini ya maji ya kuoshea, nimeomba nifundishwe na fulani wiki ijayo." Hapo mpira uko kwao.

#12 Afisa Mikopo
Naomba niweke yangu. Nilianza kazi taasisi moja ya mikopo midogo, vikundi vya akina mama wa dagaa na wa mboga, na kwetu 30, 60, 90 pia ndo namba za madeni yaliyochelewa kwa hiyo Sapulaya usijisikie vibaya hata mimi nilistuka nilivyoona kwenye kalenda 😄. Kikao cha 30 supavaiza alikuja anakimbilia gari, kasema uko vizuri, kajaza mwenyewe upande wake na upande wangu, mimi nikasaini. Cha 60 hakikufanyika. Siku ya 90 nikaitwa naambiwa vikundi vyangu viwili vina marejesho mabovu, na kwenye faili ipo karatasi ya siku 60 yenye tarehe ya nyuma imeandikwa nilishaonywa. Saini sio yangu lakini inafanana. Nilivyotaka kujitetea nikagundua sina hata mstari mmoja wa kwangu, nakumbuka kabisa niliuliza namna ya kukagua biashara ya mteja kabla ya kumpendekeza na nikajibiwa utaelewa tu mbele ya safari, ila ni lini na nilimuuliza nani sikuandika popote.
Kwa hiyo mimi nasema andika, na piga picha kila karatasi kabla haijaondoka mezani.

#13 Sato wa Kukaanga
Duh. Sasa hapo si ndo inathibitisha ya Baba Zamu, kwamba kikao ni mtego?

#14 Afisa Mikopo
@Sato mimi naona ni kinyume. Angefanya kikao kweli siku ya 60 ningejua vikundi vinayumba nikiwa bado na muda. Alinimaliza kwa kutokukifanya.

#15 Baba Zamu
Mtego ni mtego tu, uwe umetegwa au umesahauliwa kutegwa.

#16 Mtumishi wa Umma
Sisi serikalini haya tulishazoea. Enzi za OPRAS ilikuwa makaratasi, mtu anajaza ya mwaka mzima mwezi wa sita akiwa anakunywa chai, saizi PEPMIS unajaza kwenye mfumo, majukumu na utekelezaji wake. Nyie wa viwandani mnalalamikia nusu ukurasa?

#17 Dada Rasilimali
Mtumishi hiyo ya kwenu inapima utekelezaji. Hapa dogo anaulizwa alichojifunza, ni kitu kingine. Mtu anaweza akatekeleza mwezi mzima kwa kuigiza wa pembeni yake, hajajifunza kitu, siku huyo wa pembeni akiwa ofu ndo utajua.

#18 Busisi Yetu
Naunga mkono PEPMIS ila mtandao wao jioni ni mtihani. By the way nani anapita daraja la Kigongo-Busisi asubuhi toka Sengerema kuja kazini mjini, mimi tangu lifunguliwe 2025 silali tena kwa shemeji, kivuko kilikuwa kinanichelewesha mpaka nikaandikiwa barua.

#19 Sato wa Kukaanga
Shemeji amepumua 😂

#20 Nesi wa Zamu
Turudi kwenye mada. Kosa ninaloliona mimi ni kungoja siku ya 29 ndo mtu akae akumbuke mwezi mzima. Huwezi. Unakumbuka wiki ya mwisho na siku uliyogombezwa. Mimi nilipoanza wodini nilikuwa na kidaftari cha mfukoni, kila mwisho wa zamu naandika mistari miwili mitatu: leo nimeonyeshwa nini, nimefanya nini mwenyewe, nimeuliza nini na nani kanijibu. Sio insha. Kikao kikifika nafungua daftari nachagua. Na kuna kitu unakiona hapo, swali ulilouliza wiki ya kwanza likijitokeza tena wiki ya tatu ujue hukuelewa jibu, au walokujibu wametofautiana.

#21 Mzee wa Mwaloni
Nesi umenikumbusha jambo, na hili ndo wengi hawalijui kuhusu hizi karatasi. Kulikuwa na binti mgeni kitengo cha ubora, anafanya mchana wiki moja usiku wiki nyingine. Kwenye karatasi yake ya siku 30 kaandika alivyofundishwa mchana, achome katikati ya fileti, alafu chini kaandika "usiku nimefundishwa kuweka thamometa juu ya fileti karibu na barafu, naomba kujua ipi sahihi". Nilisoma mara mbili. Kumbe zamu ya usiku walikuwa wanapima juu ili waende haraka, na juu kumegusana na barafu lazima isome baridi wakati katikati nyama bado ina joto. Fomu zote za usiku zilikuwa nzuri kupita za mchana, na sisi tulikuwa tunawasifia!
Wakongwe wote wa usiku walikuwa wanajua na hakuna aliyesema. Aliyesema ni mgeni, kwa sababu kaulizwa amejifunza nini na kaandika kweli. Siku ya 90 asingeandika, angekuwa ameshazoea na yeye.

#22 Sato wa Kukaanga
Na zamu ya usiku walimpenda sana bila shaka 😅

#23 Mzee wa Mwaloni
Walimnunia mwezi mzima. Nilikosea au sikukosea mimi sijui, ila nilimhamishia mchana mpaka upepo ukapoa.

#24 Baba Zamu
Ndo hayo nasema. Mzee umemtetea wewe, supavaiza wa huyu dogo atamtetea? Mimi bado msimamo wangu aandike ya kazi yake tu, ya zamu nyingine aulize kwa mdomo.

#25 Dada Rasilimali
Hapo kwa kweli inategemea na mtu unayempelekea, siwezi kukupinga moja kwa moja. Mimi ningeandika kama swali la binti alivyofanya, sio kama mashtaka.

#26 Kijana wa Nyegezi
Wakuu nimerudi, kikao kimefanyika jana. Niliandika mambo matatu kwa mtindo wa mzee, joto, barafu na kupokea samaki mlangoni. La barafu niliandika najua kreti ikishuka barafu naongeza ila sijui uwiano wa kuanzia. Supavaiza akacheka, akasema hata yeye aliambiwa "ijae", akanipeleka kwa mama mmoja wa mapokezi ana miaka hapo, akanionyesha kwa mikono: barafu chini, samaki, barafu katikati, samaki, na juu inafunikwa usione ngozi, na wakati wa joto la mchana wanakaribia kilo kwa kilo. Nimeandika kwenye kidaftari. Ila supavaiza kasema upande wake atajaza baadae, hajanipa nakala. Na la 60 niandike yale yale tena au?

#27 Dada Rasilimali
Hongera. Usiandike yale yale, karatasi ya 60 ikifanana na ya 30 ujue hakuna kilichotokea katikati. Chukua orodha ya siku 30, mbele ya kila kitu andika kimoja kati ya hivi: naonyeshwa, nafanya nikisimamiwa, nafanya peke yangu. Alafu ongeza ulipokosea na ulivyogundua. Mfano "niliandika joto kabla namba haijatulia, nikarudia nikapata tofauti, siku hizi nasubiri." Siku ya 90 swali linageuka, je anaweza kumfundisha mgeni mwingine hiki kitu, na kilichobaki atafundishwa na nani. Kama kuchanganya klorini bado kimebaki "naonyeshwa" siku ya 90, hapo sio wewe tu wa kuulizwa.
Na la nakala: mwombe kwa wasapu, "bosi naomba nakala ya kikao cha jana ukishajaza", hata asipojibu ujumbe una tarehe.

#28 Nesi wa Zamu
Naongezea, angejaza yeye upande wake KABLA hajaona wako, na wewe wako kabla hujaona wake, mkikutana mnaangalia mlipotofautiana tu. Wewe umeandika peke yangu, yeye kaandika akisimamiwa, hapo ndo pa kuzungumza, mengine mnaruka. Akijaza baada ya kukusoma anakopi.

#29 Mzee wa Mwaloni
Nesi hiyo ni nzuri kwa ofisi yenye muda. Kwenye laini supavaiza ana watu arobaini na gari la samaki limeingia, akikupa robo saa shukuru. Mimi bora ajaze baada lakini mbele yako.

#30 Nesi wa Zamu
Mzee na wodini je, tuna muda? Ni mazoea tu.

#31 Busisi Yetu
Swali la kizushi, hizo 30 zinahesabiwa siku za kalenda au za kazi? Mimi nina ofu mbili kwa wiki, siku za kazi 30 ni kama wiki sita.

#32 Dada Rasilimali
Sehemu nyingi kalenda, toka tarehe ya kuripoti. Lakini kama mtu aliumwa wiki mbili, kumkalisha siku ya 30 kumuuliza amejifunza nini ni kuonea, sogeza na uandike kwamba imesogezwa na kwa nini.

#33 Baba Zamu
Na kama mvua imekata barabara ya Nyegezi je 😂

#34 Mama wa Stoo
Samahani naingia nimechelewa, nasomaga kimya kimya. Mimi nimeanza kutunza stoo ya vipuri vya injini za mitumbwi, mwajiri wangu hana karatasi wala vikao, ila nimependa hii nataka nijifanyie mwenyewe nimpelekee. Sasa mimi sipimi joto, niandikeje?

#35 Afisa Mikopo
Dada chukua kupokea mzigo. "Nahesabu kabla ya kusaini noti ya dereva, nalinganisha na oda, pungufu naiandika kwenye nakala zote mbili na dereva anasaini. Naingiza kwenye kadi ya bidhaa siku hiyo hiyo. Bado sijui: plagi za injini ya farasi 15 na za 40 zinatofautishwaje kama boksi limelowa na namba hazisomeki."

#36 Mama wa Stoo
Hiyo ya plagi ndo shida yangu kabisa jamani umejuaje 🙈

#37 Sapulaya wa Kirumba
Namba huwa imeandikwa pia kwenye kaure nyeupe ya plagi yenyewe, futa na kitambaa usome, alafu linganisha urefu wa nyuzi za kufungia na wa ile ya zamani. Na hiyo noti ya dereva, isaini na tarehe mama.